CAN au urea: ninunue ipi ya kukuzia mahindi, ekari moja Kakamega?

Mama_Malava: Habari wakulima. Mahindi yamefika magotini. Nafasi ni sentimita 75 kwa 50, miche miwili kila shimo. Agroveti anauza CAN ya kilo 50 kwa 3,200 na urea kwa 3,600. Mvua inanyesha karibu kila jioni, na palizi la pili ni wiki ijayo. Nina hela ya mfuko mmoja.

Lugari_Juu: Chukua CAN. Urea inachoma mahindi, na CAN ina chokaa, inaondoa tindikali ya udongo wetu.

Afisa_Mstaafu: Nusu ya hayo ni kweli, Lugari. Zote zinaunguza zikidondokea kwenye moyo wa mhindi au zikigusa shina. Na chokaa ya CAN inatosha tu mbolea yenyewe isiongeze tindikali. Shamba lililochacha bado linadai chokaa yake.

Mama, usiangalie bei ya mfuko, angalia bei ya naitrojeni. CAN ya 26% inakupa kilo 13, urea ya 46% inakupa 23. Kwa bei zako, kilo moja ya naitrojeni ni kama shilingi 246 ndani ya CAN, na 157 ndani ya urea. Kilo 28 za urea zinafanya kazi ya mfuko mzima wa CAN.

Shida ya urea ni kuachwa juu. Udongo ukiwa na unyevu na jua likiwaka, inageuka amonia na kupaa hewani. Lakini wewe jembe linapita shambani wiki ijayo hata hivyo, kwa hiyo nunua urea. Iweke sentimita 10 kutoka kwa shina, uifukie sentimita 5 siku hiyohiyo. Ukikosa wa kufukia, hapo chukua CAN.

Kila shimo linataka gramu 2.6 hivi. Kizibo cha soda kilichojaa kinapita hapo, kwa hiyo pima vipimo 20 kwenye mizani ya dukani, vije kama gramu 52, kisha tia alama ndani ya kizibo.

Butere_Bosi: Si achanganye nusu kwa nusu?

Afisa_Mstaafu: Asithubutu. Zikikaa ndoo moja zinavuta maji na kuwa uji kabla hajamaliza mstari.

Nepia_Njoro: Mimi nimekata nepia juzi. Nirushe urea juu tu asubuhi?

Afisa_Mstaafu: Ngoja siku ya mvua ya kulowesha udongo. Manyunyu yanayeyusha punje bila kuishusha chini.

Lugari_Juu: Na mvua kubwa ikipiga usiku huohuo, urea haiendi na maji?

Afisa_Mstaafu: Inaweza. Ila nusu ya naitrojeni ya CAN ni naitreti, nayo hushuka upesi. Kwa mvua hiyo siwezi kuapa ni ipi itapona.

Mama_Malava: Asanteni, naenda na urea. Zile kilo 22 zitakazobaki?

Butere_Bosi: Funga mfuko kabisa, uweke juu ya mbao. Ukiuacha wazi utakuta jiwe.