Mjadala: Abiria aliyeandika mashairi ya kondakta kwa siri, ni mwizi?

Mleta mada: Nimeandika hadithi fupi. Kondakta wa basi hughani papo kwa papo, vina vinamtoka kama maji. Binti mmoja hukaa kiti cha tatu kila asubuhi na kuyaandika mashairi yake kwa siri. Mwishoni anayachapisha kwa jina lake mwenyewe. Waliosoma wamegawanyika: wengine wanamwita mwizi, wengine wanasema ameokoa kitu ambacho kingepotea. Nyinyi mnasemaje?

Kalamu Nyekundu: Hapa hakuna wizi. Hakimiliki hulinda kilichoandikwa, hailindi maneno yanayopita hewani. Kondakta hakuandika chochote, kwa hiyo hana cha kudai. Binti ndiye aliyetoa jasho la kuandika, na kazi ni yake.

Mpenda Utulivu: Mimi naona makondakta wapunguze kelele. Mtu unatoka usiku kazini unataka kusinzia, mwenzako anakughania sikioni. Hilo mbona halijadiliwi?

Mleta mada: Ndugu, hilo ni suala jingine. Hapa tunauliza mashairi ni ya nani.

Mkusanyaji: Kalamu Nyekundu, nusu ya ulilosema ni kweli. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, umeacha kila nchi iamue kama kazi lazima iwe imenaswa kwa maandishi au rekodi ndipo ilindwe. Ufaransa haidai hivyo, shairi la mdomo linalindwa vilevile. Uingereza inadai, lakini sheria yake ya 1988 inasema haijalishi aliyenasa ni mtunzi au mtu mwingine, wala kama aliomba ruhusa. Maana yake ni kwamba kule, binti anapoandika kwa siri, kalamu yake ndiyo inayompa kondakta haki. Marekani ni kinyume: uandishi huhesabika pale tu mtunzi mwenyewe ameandika au ameridhia.

Ila sheria haitakumalizia hadithi. Mimi nimekusanya tungo za mdomo miaka mingi, na swali langu la kwanza ni hili: katika daftari lile kuna nini hasa? Mtu akizungumza kawaida hutoa maneno 120 hadi 150 kwa dakika. Mkono unaoandika kwa kasi hupata kama 20 au 25, tena mezani, si ndani ya basi linalorukaruka. Chukua beti hii, tuseme kondakta kaitoa kwa sekunde saba:

*Wa dirishani tulia, wa mlangoni aketi,*
*Daraja lakaribia, tayarisha na tiketi.*

Ni maneno kumi na moja. Binti amepata matatu: *tulia*, *aketi*, *tiketi*. Na si bahati kwamba matatu hayo ni vina, kwa sababu sikio huvisubiri vina na kuvidaka, lakini katikati ya mstari hupita. Usiku nyumbani anahesabu mizani kwa vidole, nane na nane, anajaza pengo:

*Wa mbele wote tulia, wa nyuma naye aketi.*

Mizani imetimia, vina vimekaa, hata mwalimu hatatia alama nyekundu. Lakini mlango umepotea. Kondakta alimwona mtu amesimama mlangoni na daraja liko mbele, akamketisha kwa shairi. Kila neno lake lilikuwa na kazi ndani ya basi. Mstari wa binti umekaa vizuri, na haumwambii mtu yeyote kitu.

Kwa hiyo mimi simwiti mwizi wala mwokozi. Alichochapisha ni vina vya kondakta na viungo vyake yeye, na kosa lake ni kutomwambia msomaji hivyo. Angeandika juu ya jalada "kama nilivyosikia", ningemtetea mpaka kesho.

Kalamu Nyekundu: Nakubali kuhusu Uingereza, sikulijua hilo. Lakini ulichosema kinanisaidia mimi! Kama nusu ya maneno ni ya binti, basi yeye ni mtunzi. Tena kuna kesi ya Walter dhidi ya Lane, 1900, hukohuko Uingereza: waandishi wa gazeti walinakili hotuba za mwanasiasa Lord Rosebery kwa hatimkato, na mahakama ya juu ikaamua kwamba wana hakimiliki ya nakala zao, ingawa maneno ni ya mwingine.

Mkusanyaji: Kesi ni hiyo. Lakini wale walisema waziwazi kwamba hotuba ni ya Rosebery. Walidai ustadi wa kunakili, hawakudai utunzi wa hotuba zenyewe.

Na uandishi wa polepole nao una hasara zake. Miaka ya 1930 mtafiti Mmarekani, Milman Parry, alikwenda Yugoslavia kutafuta waimbaji wa tenzi ndefu, na alibeba mashine ya kurekodi kwenye santuri za alumini. Msaidizi wake, Albert Lord, alieleza baadaye kwamba mwimbaji akisimamishwa kila mstari ili aandikwe, mizani humponyoka. Kwa hiyo hata binti angemwomba kondakta arudie taratibu, angepewa kitu kingine.

Kondakta Mstaafu: Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa na nilikuwa naghani. Mnisamehe, sijui mikataba. Kuna mambo mawili kwenye hadithi hayaingii akilini.

Kwanza, papo kwa papo haina maana mtu anaanza na kichwa kitupu. Nilikuwa na vipande nimeviweka: cha kusogeza watu nyuma, cha kuomba nauli, cha mzee anayeshuka. Kituo ndicho kinachokupa kina. Ukijua unaishia "sokoni", unatafuta njia ya kufika hapo huku mdomo tayari unakwenda. Kikikugomea, unarudia kipande cha jana na hakuna anayejua. Sasa huyo binti wa kila asubuhi angejua. Baada ya wiki mbili angekuwa na vipande hivyohivyo mara nne nne daftarini, kila mara mlango unabadilika kuwa dirisha. Hilo hadithi haikulionyesha.

Pili, hiyo siri. Kondakta kazi yake ni kutazama mikono: nani ametoa nauli, nani anaisubiri chenji, nani ameshika mfuko usio wake. Mkono unaoandika kila siku kiti cha tatu, nisiuone? Ningeuona siku ya pili.

Mleta mada: Mzee wangu, umenikosesha usingizi. Na ungeuona, ungefanya nini?

Kondakta Mstaafu: Nisingemuuliza. Ningepunguza kasi, mwanangu. Ningerudia nusu ya mstari wa mwisho, kama watu wa nyuma hawakusikia. Mimi yangu hayakuandikwa na mtu. Yamebaki mawili matatu kichwani, na hayo nayo sina hakika nayo.

Mleta mada: Nimekaa nayo siku tatu, nimeandika upya. Sasa katikati ya hadithi kondakta anaanza kurudia "tayarisha na tiketi" mara mbili, na binti anadhani basi limejaa ndiyo sababu. Daftari lina "wa mlangoni" kwa mara ya kwanza. Bado anachapisha kwa jina lake.

Kalamu Nyekundu: Basi umemaliza kesi. Kupunguza kasi ni kuridhia. Hata huko Marekani angekuwa salama.

Mkusanyaji: Ameridhia aandikwe, sawa, na haki ikiwepo itakuwa ya kondakta. Wapi ameridhia jina lake liondolewe?

Kondakta Mstaafu: Mimi ningetaka kwanza nisomewe. Kabla ya jina. Nijue aliweka nini pale aliposhindwa kusikia.