Tupeane uzoefu: riwaya za mapenzi zenye staha, mwanamke ana msimamo, hakuna ukatili

Mama_Tulu
Wadau, leo kwenye daladala ya Buhongwa nimekaa pembeni ya binti anasoma kale kariwaya kadogo ka mapenzi, jalada la daktari na nesi. Nikakumbuka bweni. Tulikuwa tunakichana kitabu vipande ili zamu iende haraka, mwenye mwisho wa hadithi anatamba kama waziri.
Nataka kurudi kusoma, ila sasa ni mtu mzima nina masharti. Sitaki mambo ya chumbani. Sitaki mwanaume anayefoka, anayeshika mtu mkono kwa nguvu halafu mwandishi anatuambia hayo ndiyo mapenzi. Nataka mwanamke mwenye akili yake na kauli yake. Kiingereza nasoma vizuri tu. Waliosoma vya hivyo, tupeane uzoefu.

Jiwe_la_Bismarck
Rahisi hiyo. Chukua Mills & Boon zozote za zamani, za miaka ya sabini. Hazina uchafu hata chembe. Pale nje ya soko wanazipanga chini kwenye turubai, bei ya maandazi.

Nesi_wa_Zamu
Kuhusu bweni: sisi mwenye mwisho alikuwa anaukodisha kwa sukari 😂

Mwl_Kalunde
Jiwe, umepatia nusu. Nyingi za miaka hiyo hazina chumbani, kweli. Lakini masharti ya Mama Tulu ni mawili na wewe umejibu moja. Kuna riwaya mlango wa chumba umefungwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, ila sebuleni jamaa anambeza binti ukurasa baada ya ukurasa, anambusu kwa lazima ili kumkomesha, na mwishoni anasema ni wivu tu. Huo ni ukatili uliofuliwa ukapigwa pasi.
Mfano: Georgette Heyer, huwezi kukuta chumbani kwake. Lakini ukianza na Devil's Cub ya 1932 utakutana na mwanaume anayemteka binti, mpaka binti anampiga risasi ili amwache. Halafu huyo ndiye mchumba! Kwa mwandishi huyohuyo chukua Frederica ya 1965. Dada wa miaka ishirini na minne analea wadogo zake, ana shughuli nyingi mpaka hajagundua kwamba tajiri mmoja mvivu ameanza kubadilika kwa ajili yake. Mwandishi ni yuleyule, lakini hizo ni dunia mbili. Kwa hiyo jina la mwandishi peke yake lisikudanganye, na jalada ndiyo kabisa.

Sato_Choma
Mbona mnakwenda Ulaya wakati Ukerewe tunaye wetu? Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971. Mapenzi, msichana, ziwa, kila kitu kipo.

Mwl_Kalunde
Sato, hebu kuwa na huruma. Baba anampiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, na binti mwishoni anajiua. Ni kazi kubwa na naiheshimu, lakini mtu ameomba uji wewe unampa pilipili.

Sato_Choma
Nilisoma zamani, nilikumbuka barua tu.

Dagaa_Mkavu
Mimi nauza vitabu, Mama Tulu. Vyangu vyote safi, vina nailoni, havijachanika. Njoo inbox.

Nesi_wa_Zamu
Dagaa ameelewa kivyake 😂😂

Mama_Tulu
Mwalimu, sasa mimi nikiwa nimesimama pale kwenye turubai, muuzaji ananitolea macho, nitajuaje kipi kina ukatili na kipi hakina? Siwezi kukisoma chote nimesimama.

Mwl_Kalunde
Tafuta ukurasa ambao mwanamke anasema hapana. Karibu kila riwaya ya mapenzi inao. Angalia mwanaume anafanya nini dakika tano baada ya hapo.
Nikuonyeshe kwa Pride and Prejudice ya Jane Austen, 1813, maana ndani yake kuna hapana mbili ambazo ukiziweka pamoja zinakufundisha kila kitu. Ya kwanza iko sura ya 19. Mchungaji Collins anamposa Elizabeth. Elizabeth anakataa kwa adabu. Collins anatabasamu, anamwambia anajua wasichana hukataa mara ya kwanza, wakati mwingine hata ya pili na ya tatu, na huku moyoni wanataka. Elizabeth anarudia. Collins anazidi kufurahi. Inafika mahali binti anamwomba amchukulie kama mtu mwenye akili timamu anayesema kweli. Na kumbuka hapana hiyo ina gharama: nyumba wanayoishi atairithi huyo Collins baba akifa, kwa hiyo mama mtu anapiga kelele nyumba nzima.
Ya pili iko sura ya 34. Darcy, tajiri hasa, anamposa vibaya mno, anampenda huku anaitukana familia yake. Elizabeth anamkataa na anamweleza sababu moja baada ya nyingine. Darcy anakasirika, ndiyo, lakini anaomba radhi kwa kumpotezea muda, anatoka. Kesho yake anampa barua ya kujieleza kuhusu yale aliyotuhumiwa, na kwenye barua hiyo hamposi tena. Anakaa pembeni miezi. Anabadilisha tabia yake mahali ambapo hana uhakika kama Elizabeth ataona. Akirudi kuuliza, sura ya 58, anamwambia kama moyo wake bado ni uleule wa Aprili, neno moja tu litamnyamazisha milele.
Basi hicho ndicho kipimo changu. Yule wa kwanza ni mpole kwa maneno lakini hasikii. Wa pili ana kiburi lakini anasikia. Ukatili unaanzia kwenye kutosikia.

Kijana_wa_Sengerema
Naomba nitofautiane. Mimi mke wangu alinikataa mara nyingi sana, nikang'ang'ania, nikawa namsubiri kila jioni kivukoni, leo tuna watoto. Mkisema mtu akiambiwa hapana aondoke, nusu ya ndoa za huku hazingekuwepo.

Nesi_wa_Zamu
Kaka, muulize mkeo alikuwa anapita kivukoni au alikuwa anatafuta boti ya kukukwepa.

Kijana_wa_Sengerema
Yuko hapa anacheka.

Nesi_wa_Zamu
Anacheka kwa sababu umeshika simu.

Binti_Nansio
Huwa nasoma tu sichangii, lakini Mwalimu umenigusa na hiyo sura ya 19.
Nilikuwa nimechumbiwa. Mahari imetoka, kamati ya harusi inakaa kila Jumapili, kadi zimeshasambazwa, mama yangu ameshashona. Nikawa nasafiri kwa meli kwenda Nansio kuona bibi, nina hicho kitabu kwenye simu. Nikafika pale Collins anasema unakataa kwa mdomo tu. Nikasimamisha kusoma. Maana mchumba wangu alikuwa anasema hivyohivyo. Nikisema sitaki kuacha kazi, anacheka, anawaambia rafiki zake "huyo ataacha tu, anadeka". Nikisema sitaki tuishi kwa dada yake, ananishika kidevu, "mwisho wa siku utakubali". Hajawahi kunipiga. Hajawahi kupandisha sauti. Kila mtu alikuwa ananiambia nimepata mpole.
Nilivyorudi mjini nikamwita, nikamwambia jambo moja dogo, kwamba sitaki akaunti yetu iwe ya jina lake peke yake. Nikamwangalia dakika tano. Akanibusu paji la uso akasema nimechoka na safari, nikalale. Kesho yake akaenda benki, akafungua kwa jina lake.
Nikavunja. Baba aliniita mbele ya wazee. Aliuliza amekukosea nini, nikasema hanisikii. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema hiyo siyo kesi. Bibi yangu, ambaye hajui kusoma, akasema hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Mama_Tulu
Jamani.

Sato_Choma
Michango ilirudishwa?

Binti_Nansio
Iliyokuwa haijatumika ilirudi. Ukumbi haukurudisha.

Jiwe_la_Bismarck
Dada pole, lakini kuvunja uchumba kwa sababu ya kitabu cha mzungu wa 1813? Na waliochanga?

Nesi_wa_Zamu
Hajavunja kwa sababu ya kitabu, amevunja kwa sababu ya akaunti. Soma vizuri.

Dagaa_Mkavu
Mchango ukishatoa ni sadaka.

Jiwe_la_Bismarck
Sadaka wapi, mimi nadai watu wawili mpaka leo. Mchango ni mkopo, siku yako nawe unachangiwa.

Kijana_wa_Sengerema
Hapo naungana na Jiwe.

Mama_Tulu
Naomba uzi urudi kwenye vitabu, ya michango mfungulie wenu. Binti Nansio, asante sana. Mwalimu, hicho cha Austen nakipata wapi, na baada yake nisome nini?

Mwl_Kalunde
Hicho ni bure kihalali, haki zake zilishaisha. Ingia gutenberg.org, tafuta jina, namba yake ni 1342. Pakua EPUB isiyo na picha, ndiyo nyepesi kwa bando.
Baada yake soma The Blue Castle ya L. M. Montgomery, 1926. Valancy ana miaka ishirini na tisa, hajaolewa, ukoo mzima unamfanyia mzaha. Daktari anamwandikia kwamba moyo wake haumpi zaidi ya mwaka. Basi anaacha kuwaogopa. Anahama kwao, anakwenda kumuuguza binti mgonjwa ambaye mji umemtenga, analipwa mshahara wake mwenyewe, halafu ni yeye anayemposa mwanaume. Na yule mwanaume anaishi kisiwani ziwani, watu wa huku mtaiona picha. Nakuonya tu kwamba sura za mwanzo ndugu zake wana maneno makali. Kama hutaki hata hayo, utaumia kidogo kabla ya kucheka.

Nesi_wa_Zamu
Na zile za madaktari na manesi? Betty Neels mimi ndiye aliyenifanya nisomee uuguzi, sitaki mtu amguse. Mwenyewe alikuwa nesi, ameanza kuandika baada ya kustaafu na akatoa zaidi ya mia. Daktari wake ni Mholanzi mkubwa mkimya, hafoki, anakuletea chai.

Mwl_Kalunde
Ukatili hamna, nakubali. Msimamo ndiyo tubishane. Daktari anapanga kila kitu kimyakimya, binti ndiye wa mwisho kujua, na akiolewa mara nyingi kazi inaishia hapo.

Nesi_wa_Zamu
Nesi aliyefanya zamu za usiku akiacha kazi kwa hiari yake huo nao ni msimamo, Mwalimu. Wewe hujawahi kukesha wodini.

Mwl_Kalunde
Hapo umenibana.

Sato_Choma
Ushauri wangu: anza na ukurasa wa mwisho. Kama wameoana kwa heri, rudi mwanzo.

Binti_Nansio
Usimsikilize. Zote zinaisha wameoana, hata zile za watekaji.

Mama_Tulu
Nimeshapakua, niko sura ya 20. Huyu mama yao anamwambia binti asipoolewa na Collins hataki kumuona tena, na baba naye anasema akiolewa naye HATAKI KUMUONA TENA 😂😂 Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Dagaa, hiyo Frederica unayo kweli au ni nailoni tu?

Dagaa_Mkavu
Ninayo moja, jalada limetoka. Kesho mchana niko Igoma, leta chenji.