Achari ya embe: siki, au chumvi na jua?

BintiShangani: Habari za jioni wapendwa. Niko Mtwara, embe mbichi zimeanza kujaa sokoni na sitaki kurudia ya mwaka jana. Nilitia embe kilo 2, karoti nusu kilo, vitunguu saumu vichwa vitatu na pilipili. Siki lita 1 ilikuwa kali mno, nikaongeza maji lita 2. Wiki ya tatu chupa nne kati ya kumi zikatoa povu, maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Mama mkwe anasema siki ya nini, embe inataka chumvi na jua tu. Ipi inakaa miezi minne?

MzeeWaLindi: Mama mkwe wako yuko sahihi. Bibi zetu siki waliitoa wapi? Embe kilo 1, chumvi konzi mbili, jua siku tatu, mafuta juu, basi. Chupa osha, anika. Jua la huku linaua kila kitu.

JikoLaMikindani: Shikamoo mzee. Kwa chumvi nakubaliana nawe, kwa chupa hapana. Jua linakausha chupa, haliui vimelea vyote.

Dada, kilichokuponza ni yale maji. Siki ya kawaida ni asilimia 5, soma kwenye chupa; isiyoandikwa mimi sinunui ya kuhifadhia. Lita 1 ukiiongezea maji lita 2 inabaki chini kidogo ya asilimia 2, na mboga nazo zinatoa maji yao. Usipite maji sawa kwa sawa na siki. Ikikushinda ukali, tia sukari: ulimi unatulia na siki inabaki na nguvu yake.

Halafu embe mbichi ina uchachu wake yenyewe. Karoti na kitunguu saumu havina, ndivyo vinavyotegemea siki kuingia mpaka ndani. Karoti zikate nyembamba.

Mbirimbi_Tamu: Mie mbirimbi sitii siki kabisa na hukaa mwaka! Chumvi na jua tu, zinasinyaa kama zabibu kavu.

JikoLaMikindani: Mbirimbi ni chachu kupita ndimu, ndiyo maana inakuvumilia. Ukifanya hivyo kwa karoti utalia.

BintiShangani: Sasa nikifuata njia ya mama mkwe, konzi mbili ni kiasi gani? Konzi yangu na ya mzee si moja 😅

JikoLaMikindani: Ndiyo maana napima kwa mizani. Embe zilizokatwa kilo 1, chumvi gramu 150, yaani kama vijiko nane vya chakula visivyo na kilima. Changanya, acha usiku kucha, asubuhi utakuta zimeogelea. Chuja, anika zisinyae, usiku ziingize ndani kwa sababu ya unyevu wa bahari. Njia hii iwe ya embe na pilipili peke yake. Kitunguu saumu kibichi usikizamishe kwenye mafuta ukakiweka kabatini: mafuta yanazuia hewa, na kuna kimelea kinachopenda pasipo hewa. Sumu yake haina harufu wala povu.

MzeeWaLindi: Miaka yote tunatia saumu na hatujafa.

JikoLaMikindani: Mzee wangu, pengine chumvi yenu ilikuwa nyingi kiasi cha kuwakinga. Siwezi kumwambia mwingine ategemee hilo.

Mbirimbi_Tamu: Na chupa je? Zangu mbili zilipasuka nilipomimina achari ya moto.

JikoLaMikindani: Zilikuwa baridi. Tandika kitambaa chini ya sufuria, panga chupa, maji ya baridi yazifunike, ndipo uwashe moto. Yakianza kutokota hesabu dakika 10. Toa moja moja, mwaga maji, usifute ndani kwa kitambaa, jaza achari ikiwa moto, acha nafasi ya kidole mdomoni. Ya siki nairudisha ikiwa imefungwa, nachemsha dakika 10 tena. Chatne ya embe ni hivyo hivyo. Kifuniko chenye kutu tupa, siki inakila. Na msipikie siki kwenye sufuria ya alumini, inatoa ladha ya chuma.

BintiShangani: Zile sita zisizotoa povu bado ziko kabatini. Naona ziko safi.

JikoLaMikindani: Maji ni yale yale, karoti na saumu zimo. Kutazama kwa macho hakutoshi, wala usionje kujaribu. Zitupe.

MzeeWaLindi: Chupa sita! Si azichemshe tu upya?

JikoLaMikindani: Hata zikichemshwa, mimi simpi mtu.

BintiShangani: Nimezifukia nyuma ya nyumba, mama mkwe ameninunia. Kesho naanza na embe kilo 1 kwa chumvi na kilo 1 kwa siki, bila saumu kwenye ya mafuta. Mzee, yale mafuta juu mnaweka ya alizeti au ya ufuta?

MzeeWaLindi: Ufuta. Hapo usibishane na mtu.

Mbirimbi_Tamu: Alizeti! Ufuta unafunika harufu ya embe.