Mrejesho: ankara imeuzwa, mteja amejulishwa

Niliuliza: "Nikiuza ankara kwa kampuni ya fedha, kwa nini lazima mteja aambiwe?"

Wakuu, asanteni sana. Ankara ni ya shilingi milioni 10. Kampuni imenipa milioni 8. Salio nitapata mteja akishalipa, wakikata ada yao. Barua ya taarifa niliisaini mimi, ikitaja namba ya ankara na akaunti mpya, naye mteja akairudisha na muhuri.

Mwanasheria alinifafanulia vizuri: kabla ya taarifa, mteja akinilipa mimi deni limekwisha, kampuni haimdai tena. Baada ya taarifa, akinilipa mimi bado anadaiwa na kampuni. Ila mzigo ukiwa na kasoro, anaweza kukataa kuilipa kampuni vilevile, ndiyo maana walidai kwanza hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa.