Programu ya kibodi ya taa inaniharibia meza: rangi hazifanani na mkanda, na ikitoka usingizini inarudi upinde wa mvua

Meza_ya_Usiku

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimenunua kibodi ya gemu ya waya yenye taa za rangi, ya kampuni kubwa ambayo sitaitaja hapa, kwa kusudi moja tu. Nyuma ya monita nina mkanda wa LED unaoendeshwa na WLED kwenye kidhibiti kidogo cha ESP32. Upande wa kushoto unawaka chungwa, `#FF8C28`, kisha unabadilika taratibu mpaka kulia unakuwa bluu, `#0078FF`. Nilitaka kibodi ifuate mpangilio huohuo, kushoto chungwa, kulia bluu. Hayo tu.

La kwanza. Picha kwenye boksi inaonyesha kila kitufe na rangi yake. Nimefungua programu yao, nikabofya kitufe cha Q nikipake rangi, ikawaka robo nzima ya upande ule. Kumbe kibodi ina sehemu tano tu, zimekatwa wima, na kila sehemu inakubali rangi moja. Kwenye boksi hilo limeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo kuliko namba ya bidhaa. Huo ni udanganyifu. Mtu analipa pesa yake kwa kuamini picha, na waliochora ile picha wanajua hivyo.

La pili. Sawa, nikakubali sehemu tano. Nikaingiza namba zilezile za mkanda. Kwenye mkanda `#FF8C28` ni chungwa la kweli, la taa ya kandili. Kwenye kibodi ni njano iliyopauka, ukiiangalia gizani ina ukijani. Bluu nayo imekuwa ya samawati. Na sehemu ya katikati, ambayo niliipa wastani wa hizo rangi mbili, inawaka nyeupe chafu, tena ndiyo inayong'aa kuliko zote. Vitufe vya T mpaka H vinaniumiza macho usiku.

La tatu ndilo lililonimaliza. Kompyuta ikilala nikaiamsha, kibodi inarudi kwenye wimbi la upinde wa mvua. Wakati mwingine programu inaamka na kurudisha rangi zangu, wakati mwingine haiamki mpaka niifungue mwenyewe. Na kuifungua ni lazima niingie kwenye akaunti. Akaunti! Kwa taa za kibodi! Mtandao ukiwa umekatika, sina ruhusa ya kubadilisha rangi ya kifaa nilichokinunua kwa pesa yangu.

Huduma kwa wateja wamenijibu nifute programu na kuiweka upya. Nimefanya hivyo, na profaili zangu zote zimepotea. Nani amepitia haya?

Mtaa_wa_Pili

Pole mkuu. Hizo LED zao ni za bei rahisi, ndiyo maana rangi haziko sawa. Nyeupe ya kibodi yangu ni ya bluu kabisa, mpaka nimepunguza bluu na kijani nikaweka `255,180,110` ndipo ikawa nyeupe ya kawaida. Nunua ile ya taa kwa kila kitufe, achana na hiyo.

Kombo_TZ

Mimi yangu haiwaki kabisa, ni kompyuta mpakato ya mtumba. Nikibonyeza Fn na kitufe chenye alama ya taa hakuna kitu. Programu gani inawasha?

Saketi_na_Solda

Kombo, angalia kwanza kama kompyuta yako ina taa chini ya vitufe. Modeli moja huuzwa za aina mbili, na ile isiyo na taa wakati mwingine ina alama hiyohiyo kwenye kitufe. Ingia BIOS utafute mpangilio wa taa za kibodi. Usipouona, huenda taa hazimo na hakuna programu itakayoziwasha. Fungua uzi wako, hapa tutachanganya mambo.

Meza, jamaa hapo juu ana ukweli nusu. Nyeupe kuwa ya bluu ni suala la LED zenyewe, na alichofanya ni sahihi. Ila chungwa lako kuwa njano ni jambo lingine, hata LED ya bei kali ingefanya hivyo. Ile namba ya rangi imetengenezwa kwa ajili ya skrini. Kwenye skrini, 140 ya kijani haimaanishi zaidi ya nusu ya mwanga, inamaanisha kama robo tu, kwa sababu skrini inaipinda kabla ya kuionyesha. LED ikipewa 140 ghafi inawasha kijani zaidi ya nusu ya nguvu yake. Kijani kikizidi kwenye nyekundu, unapata njano. WLED ina marekebisho ya gama ndani yake, ndiyo maana mkanda wako uko sawa. Programu ya kibodi, kwa unavyoeleza, inapeleka namba kama zilivyo.

Jaribu hivi uhakikishe. Sehemu ya kwanza weka `255,0,0`, ya pili weka `128,0,0`. Zima taa ya chumba. Ukiona ya pili inakaribia kung'aa sawa na ya kwanza, basi programu haipindi kitu.

Meza_ya_Usiku

Nimejaribu sasa hivi. Ya pili imefifia kidogo sana, mtu asipoambiwa hatajua. Sasa kwa nini kampuni yenye wahandisi haifanyi hesabu ambayo mradi wa bure wa WLED umeifanya?

Saketi_na_Solda

Hilo waulize wao. Wewe ifanye kwa mkono. Gawa namba kwa 255, pandisha kwa kipeo cha 2.2, zidisha tena kwa 255. Chungwa lako ni 255, 140, 40. Nyekundu inabaki 255, kijani 140 inashuka hadi 68, bluu 40 inashuka hadi 4. Kwa hiyo andika `#FF4404`. Bluu yako ni 0, 120, 255, na 120 inashuka hadi 49, kwa hiyo `#0031FF`. Hiyo 2.2 ni pa kuanzia tu. Kama bado unaona njano, shusha kijani kumi kumi huku ukilinganisha na mkanda kwa macho yako. Usilinganishe kwa picha ya simu, kamera inabadilisha rangi yenyewe.

Katikati ni kosa la hesabu ya wastani, siyo la kibodi. Chungwa na bluu ziko pande mbili zinazopingana. Ukizigawanya katikati unapata kama 128, 130, 148, ambayo ni kijivu, na kwenye LED kijivu ni taa zote tatu kuwaka pamoja, yaani nyeupe. Usipite hapo. Zungukia upande wa waridi na zambarau, ukiiacha kijani izime katikati:

```
1: 255,68,4
2: 255,20,20
3: 200,0,90
4: 100,0,180
5: 0,49,255
```

Mpaka wa sehemu moja na nyingine hautakuwa mkali. Kibodi za aina hiyo mara nyingi zina karatasi inayosambaza mwanga chini ya vitufe, kwa hiyo kitufe cha mpakani kinapata rangi mbili. Kwa mpangilio wako hilo linasaidia.

Meza_ya_Usiku

Nimeweka. Chungwa sasa ni chungwa. Nimekaa naliangalia na mkanda nyuma yake, ni rangi moja. Katikati haing'ai tena, na kitufe cha Y kimekuwa nusu waridi nusu zambarau, kinapendeza kweli. Asante sana mkuu.

Lakini hasira yangu haijaisha, kwa sababu nimeilaza kompyuta kuijaribu na imeamka na upinde wa mvua.

Dada_Kompyuta

Uko Windows 11? Tangu 2023 wameongeza udhibiti wao wa taa, na unagombana na programu za watengenezaji. Nenda Settings > Personalization > Dynamic Lighting. Kibodi yako ikionekana kwenye orodha pale, zima `Use Dynamic Lighting on my devices`. Au iache ikiwa imewashwa, kisha ingia kwenye `Background light control` uipandishe programu ya kampuni iwe juu. Kwangu vilikuwa vinanyang'anyana, rangi inabadilika nikifunga dirisha moja.

Meza_ya_Usiku

Kibodi yangu haipo kwenye orodha hiyo dada. Pametokea panya peke yake.

Dada_Kompyuta

Basi kwako tatizo siyo Windows. Chomoa kibodi, ichomeke kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu hiyo. Ikiwaka rangi zako, zimehifadhiwa ndani ya kibodi. Ikiwaka upinde wa mvua, kibodi haijui rangi zako hata kidogo, inaambiwa na programu kila mara. Usingizini USB ikikatiwa umeme inasahau, na inasubiri huduma ya programu iamke iiambie tena.

Meza_ya_Usiku

Nimechomeka kwenye kompyuta ya mdogo wangu. Upinde wa mvua. Yaani programu ina kitufe kimeandikwa `Save`, na hakihifadhi chochote kwenye kibodi!

Mtaa_wa_Pili

Kinahifadhi kwenye kompyuta, mkuu. Au kwenye akaunti. Ndiyo sababu ulipoifuta profaili zikaondoka.

Saketi_na_Solda

Jaribu OpenRGB, ni ya bure na haina akaunti. Fungua cmd kwenye folda yake uangalie kwanza kama modeli yako inatambuliwa:

```
openrgb --list-devices
```

Kabla ya hapo funga kabisa programu ya kampuni pamoja na huduma yake kwenye `services.msc`, zisiandikie kibodi kwa pamoja. Ukiiona kibodi kwenye orodha, tazama aina za hali zake. `Direct` inategemea kompyuta. Ikiwa kuna `Static` na kitufe cha `Save To Device` hakijafifia, una bahati. Lakini kwenye kibodi nyingine `Static` inakubali rangi moja kwa kibodi nzima, hapo utapoteza sehemu zako tano.

Meza_ya_Usiku

Inatambuliwa. `Direct` inanipa sehemu tano. `Static` inanipa rangi moja tu, na `Save To Device` imefifia.

Kwa hiyo kwa sasa nimeweka OpenRGB ianze na Windows na kupakia profaili yangu ya sehemu tano, na programu ya kampuni nimeiondoa. Kuwasha kompyuta iko sawa. Kutoka usingizini bado upinde wa mvua unakuja, na lazima niipakie profaili kwa mkono. Mwenye njia ya kuipakia yenyewe kompyuta inapoamka aniandikie hapa. Na kampuni nimewaandikia tena, safari hii na picha ya boksi lao pembeni ya picha ya kibodi yao, nikitaka wanijibu kuhusu lile neno `Save`.

Dada_Kompyuta

Jaribu Task Scheduler. Tengeneza kazi inayoanza kwa tukio: logi `System`, chanzo `Power-Troubleshooter`, namba ya tukio `1`. Hilo huandikwa kompyuta inapoamka. Iachie sekunde chache kabla ya kupakia, USB iwe imerudi. Mimi nalitumia kwa kitu kingine, kwa taa sijajaribu.