Kelly yaniambia niweke robo ya mtaji kwa kila opsheni. Nifuate?

Mhasibu_Malindi
Assalam aleikum ndugu zangu. Mchana nashika hesabu za hoteli hapa Malindi, na soko la Marekani linapofunguliwa saa kumi na nusu jioni huwa nimesharudi nyumbani. Nauza opsheni ya puti kwenye mfuko wa hisa, kisha nanunua nyingine yenye bei ya utekelezaji dola moja chini yake iwe kinga. Kwa kila mkataba napokea dola 20. Mambo yakiharibika kabisa napoteza 80. Daftari lina biashara 60, na 51 zimeleta faida. Mtaji ni dola 640. Nimepiga hesabu ya Kelly, kanuni ya kupima sehemu ya mtaji ya kuweka, yaani f; p ni uwezekano wa kushinda, q wa kupoteza, na b ni faida kwa kila dola ninayohatarisha:

```
f = p - q/b
f = 0.85 - 0.15/0.25 = 0.25
```

Yaani dola 160, mikataba miwili kila mara. Moyo unasita. Nishaurini.

Kijana_wa_Shela
Usiogope kaka. Ukifuata Kelly hufilisiki, maana kila ukipoteza unaweka kidogo zaidi. Ndiyo raha yake. Twende kazi.

Bi_Mkadiriaji
Kijana, hilo ni kweli pale tu unapoweza kuukata mkataba vipande upendavyo. Yeye hawezi kuuza robo ya mkataba. Akibaki na dola 160, mkataba mmoja ni nusu ya mtaji wake, na hapo Kelly haimlindi tena.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni ile 0.85. Mhasibu, ili usipate wala usipoteze unahitaji kushinda mara 80 katika 100. Kwa hiyo faida yako yote imo kwenye pointi tano tu za juu. Kwa malipo ya namna hii, kila asilimia moja unayokosea katika p inasogeza f kwa asilimia tano. Tuseme uwezo wako halisi ni 82: Kelly sahihi ni 0.10, si 0.25.

Ona inavyouma. Chukua biashara 100, 82 za faida na 18 za hasara, ukiweka robo kila mara. Dola 640 zinabaki kama 520. Umeshinda mara 82 na akaunti imepungua! Ungeweka nusu ya hiyo, yaani asilimia 12.5, ungefika karibu 720. Na biashara 60 haziwezi kutofautisha 82 na 85: kwa idadi hiyo bahati peke yake huyumbisha jibu pointi nne au tano juu au chini.

Pwani_Opsheni
Mie niko Lamu, na shida yangu ni hiyo hiyo: napoteza mara tatu kati ya nne, ila nikipata napata mara nne ya nilichoweka. Nimeweka robo pia. Sawa?

Bi_Mkadiriaji
Hapana shekhe, yako imegeuka. Wewe unanunua opsheni, yeye anauza. Kwako `0.25 - 0.75/4` ni 0.0625. Kosa la asilimia moja katika p linakusogeza pointi moja na robo tu, kwa hiyo kanuni inakuhurumia zaidi kuliko yeye. Lakini robo ya mtaji ni mara nne ya Kelly yako. Punguza leo.

Mzee_wa_Mambrui
Naongeza moja. Mhasibu, mikataba miwili ya mfuko mmoja, tarehe moja, ni dau moja kubwa. Hata ukiigawa kwenye mifuko mitano ya hisa, siku ya kishindo yote huanguka pamoja. Tarehe 5 Februari 2018 VIX, faharasa inayopima msukosuko unaotarajiwa sokoni, iliruka kutoka 17 hivi hadi 37 kwa siku moja, na baadhi ya waliokuwa wakiweka dau kwamba soko litabaki tulivu walipoteza karibu kila kitu. Daftari lako lina siku kama hiyo?

Mhasibu_Malindi
Halina, mzee. Miezi yote imekuwa shwari. Basi nishuke hadi mkataba mmoja?

Bi_Mkadiriaji
Mmoja ni asilimia 12.5, nusu ya Kelly uliyopata. Mimi ningependa robo ya Kelly, ila kwa robo hiyo mkataba mmoja unahitaji mtaji wa dola 1,280.

Kijana_wa_Shela
Hapo hatukubaliani dada. Akisubiri 1,280 hataanza kamwe. Nusu yatosha.

Bi_Mkadiriaji
Yatosha kama p ni 0.85. Mhasibu, zile 51 ulizipokea kwa dola 20 kamili, au nyingine ulifunga mapema?

Mhasibu_Malindi
Nyingi nilifunga nusu ya faida ilipofika. Wastani kama dola 15.

Bi_Mkadiriaji
Basi b ni 0.1875, na kwa p ile ile Kelly ni 0.05: dola 32. Hata mkataba mmoja umezidi. Na zile 9 za hasara, kila moja ilikula 80 kamili au zipo ulizokata njiani? Ziandike moja moja uzilete hapa, maana zikiwa ndogo f itapanda tena.