Hatifungani iliyonunuliwa kwa 95: mavuno ni 12.9% au 13.3%?

Wakuu, naomba ushauri. Hatifungani ya serikali imebakiza miaka 2, kuponi ni 10% kwa mwaka, yaani 5 kila miezi 6, na bei ni 95 kwa kila 100. Nimeweka:

```
=RATE(4,5,-95,100)*2
```

Inatoa karibu 12.92% (ukisahau alama ya kutoa kwenye 95, unapata #NUM!). XIRR inatoa kama 13.3%, nadhani kwa sababu inajumuisha riba juu ya riba: 1.0646 × 1.0646.

Je, nikilinganisha na amana ya benki inayolipa mara moja kwa mwaka, nitumie hiyo ya pili? Na nikinunua siku 90 baada ya kuponi, XIRR niipe 95, au 97.5 pamoja na riba iliyolimbikizwa? RATE hapo haifai, inahesabu vipindi kamili tu.